Trei Sita za Wafanyakazi

Jumatatu, tarehe 28 Agosti 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, Hasifa Ramadhan alitia saini daftari la kupokelea barua katika ofisi ya kampuni moja ya hoteli, ghorofa ya pili huko Bugolobi, Kampala, akakabidhiwa bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na ukurasa mmoja na picha moja ya rangi. Ukurasa ulisema kwamba kati ya mayai 1,020 ya wageni wa hoteli aliyoyaleta tarehe 7 Agosti, 640 yalioza kabla ya wiki mbili kwisha. Kwamba ni wazi alinunua mayai ya zamani na kuyauza kama mapya. Kwamba kuanzia siku hiyo hataleta tena chakula. Na kwamba nakala ya barua imepelekwa kwa hoteli nyingine tatu za porini "kwa tahadhari". Picha ilionyesha trei ya mayai, matatu yamepasuliwa, ute wake mweusi umetapakaa juu ya mengine.

Hasifa aliisoma barua akiwa amesimama. Picha aliitazama kwa muda mrefu zaidi.

Ana umri wa miaka hamsini na miwili. Ni Mnubi wa Bombo, mjukuu wa askari, na kwa miaka kumi na mmoja amefanya kazi ambayo watu wengi wa Kampala hawajui kwamba ipo: hununua, huchagua na hufunga chakula kwa ajili ya jiko la hoteli moja ya porini, kaskazini mashariki kabisa mwa nchi, kando ya hifadhi ya Kidepo. Kazi hii ina watu wachache na wote wanajuana. Hoteli zinazowahitaji watu kama yeye zinahesabika kwa vidole. Mtu akiandikwa vibaya kwenye nne kati ya hizo, hana pa kwenda ila kurudi kupanga bizari kwenye vibanda vya Kikuubo, alikoanzia. Ndicho alichokuwa ameshika mkononi asubuhi ile.

Kwanza ieleweke jiko lenyewe likoje. Lori huondoka Kampala kila Jumanne ya pili, hulala Kitgum, na hufika siku inayofuata jioni. Hizo ni siku kumi na nne kati ya lori na lori, wakati barabara ni kavu. Mvua zikinyesha, kuna mto mmoja usio na daraja ambao unaweza kulizuia gari siku tatu au siku tisa, na hakuna anayejua ni ngapi mpaka gari lifike ukingoni. Hakuna nguzo za umeme. Kuna paneli za sola juu ya paa, betri ndani ya chumba kidogo, na jenereta inayowashwa kwa muda wa saa mbili tu jioni kwa sababu dizeli nayo huja na lori lile lile. Friji na friza za jikoni hupata umeme kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo betri ni za taa za wageni na pampu ya maji, na friji huzimwa mpaka kesho yake.

Nyuma ya jiko kuna chumba ambacho kuta zake ni nyavu mbili za waya, katikati zimejazwa mkaa. Mpishi huumwagia mkaa maji mara tatu kwa siku, maji yanapokauka huchukua joto, na ndani hubaki baridi ya kutosha kabichi na karoti. Wakati wa mvua hewa yenyewe imejaa unyevu, maji hayakauki, na chumba hicho hakisaidii sana.

Kwa hiyo chakula cha hoteli hiyo hakihifadhiwi na friji. Kinahifadhiwa na jinsi kilivyofungwa Kampala. Hasifa hununua nyanya za rangi nne, kuanzia nyekundu mpaka zile za kijani zinazoanza kupauka, na huzipanga kwenye makreti kwa mfuatano wa siku zitakazoliwa. Kabichi huzitaka na majani yake ya nje na kishina chake. Vitunguu haviwekwi karibu na viazi, kwa sababu viazi vitachipua. Siagi haipeleki, hupeleka samli. Samaki na kuku, waliogandishwa mpaka wakawa mawe, huliwa siku nne za kwanza. Nyama ya ng'ombe inafikia siku ya saba au ya nane. Baada ya hapo jiko linaishi kwa maharagwe, dengu, na mayai. Mpishi wa huko, Okullo, ana msemo wake wa kazi: wiki ya kwanza ni ya friza, wiki ya pili ni ya kuku wa Katembo.

Katembo ni mfugaji. Alitoka Butembo, mashariki mwa Kongo, zaidi ya miaka kumi iliyopita, na sasa ana kuku mia nane wa mayai upande wa Gayaza. Hana jogoo hata mmoja, na hilo ndilo lililomfanya Hasifa amchague. Yai lenye mbegu ya jogoo likikaa kwenye joto la lori siku mbili huanza kujenga kifaranga. Sharti la pili lilimchukua Katembo mwezi mzima kulikubali: yai lisiguse maji. Lipanguswe kwa kitambaa kikavu, na kama uchafu hautoki, uachwe. Mama yake Hasifa aliwauzia askari wa kambi ya Bombo mayai, na mtoto yeyote aliyelowesha yai alichapwa mkono. Mama hakujua sababu yake kwa lugha ya vitabu. Sababu yenyewe ni kwamba kuku akitaga, yai hutoka limefunikwa na utando mwembamba unaoziba vitundu vya ganda. Ukiliosha, utando unaondoka, na maji, hasa ya baridi, huvutwa ndani pamoja na kila kilichomo. Yai lililooshwa linataka friji isiyozimwa. Yai lisilooshwa linataka kivuli tu.

Sharti la tatu ni la Hasifa mwenyewe. Mke wa Katembo, Marie-Louise, anapookota mayai huandika juu ya kila moja kwa penseli: K, halafu tarehe ya siku hiyo. Mzigo wa tarehe 7 Agosti ulikuwa na trei arobaini zenye mayai ya siku mbili, K6 na K7. Trei thelathini na nne zilikuwa za wageni. Sita, zenye mayai madogo na yale yenye uchafu, zilikuwa za wafanyakazi, kwa sababu hoteli ina wafanyakazi thelathini na mmoja na wao pia wanakula.

Ndiyo maana asubuhi ya barua Hasifa aliitazama sana picha. Mayai yaliyopigwa picha yalikuwa masafi, ya kung'aa, na hayakuwa na penseli.

Aliomba kumwona aliyeandika barua. Aliyeandika ni Docus, afisa wa ubora, aliyeajiriwa tarehe 1 Agosti, msichana mwenye shahada na kishikwambi. Alimpokea Hasifa bila kumwambia akae. Hasifa alimweleza kuhusu alama, akaweka kidole chake juu ya picha, akasema mayai haya hayana K, kwa hiyo ama si yake ama kuna kitu yamefanyiwa.

"Ndicho tunachosema, nyabo," Docus alimjibu. "Hayana alama kwa sababu hukuyatoa kwa mtu wako. Uliyatoa sokoni. Asante kwa kutusaidia."

Mlangoni palikuwa na karani mmoja aliyecheka. Hasifa aliomba basi apewe mayai yenyewe ayaone. Aliambiwa yameshafukiwa. Aliuliza kama kuna mtu aliyemuuliza mpishi. Aliambiwa mpishi naye amepewa barua yake, onyo la maandishi, kwa kupokea mayai mabovu bila kuyakagua.

Hapo inafaa kusimama kidogo. Kampuni ilikuwa na watu wawili waliojua habari za mayai yale kuliko mtu mwingine yeyote: aliyeyafunga na aliyeyapika. Iliwaadhibu wote wawili bila kumuuliza hata mmoja swali, halafu ikaita jambo hilo uchunguzi. Barua inatumia neno hilo mara tatu.

Okullo hapatikani kwa simu kila wakati. Mtandao upo juu ya jabali lililo nyuma ya jiko, naye hulipanda saa kumi na moja jioni, friji zikizimwa. Hasifa alimpigia siku ile ile. Okullo ni mtu wa kabila la Lango. Alipika jeshini miaka kumi na minane, Kiswahili chake amekipata huko, na Hasifa humwita afande tangu siku ya kwanza. Walisalimiana, wakapeana pole za barua, kila mmoja yake. Kisha Hasifa akamuuliza kama mayai ya wageni yalikuwa na alama.

"Hapana, Mama. Yalikuwa masafi kama ya harusi. Nikasema, Hasifa sasa amekuwa mtu wa Kololo, kwa matajiri."

"Na wewe hukuniuliza?"

"Karatasi ilikuja nayo. Imesema mayai ya wageni yawekwe friji. Ni amri, nikaweka. Nilidhani umebadilisha mfugaji."

"Na ya wafanyakazi?"

"Hayo yana mavi na yana K. Kama kawaida yetu."

"Mmeyatupa?"

"Kutupa kwa nini? Tunakula. Leo asubuhi nimekaanga kumi na mbili. Mama, huku sasa wanaopika na kufua ndio wanakula mayai. Wageni wanakula maharagwe."

Alicheka, na Hasifa hakucheka. Alimuuliza yamebaki mangapi. Yalikuwa yamebaki arobaini na kitu, sakafuni mwa stoo kavu, upande usiopigwa na jua. Alimwambia aweke sita, asiyaoshe, asiyatie friji, ampe dereva.

Siku ile lori lilikuwa bado limekwama ng'ambo ya mto. Lilipaswa kufika tarehe 23. Lilifika tarehe 31. Siku nane hizo jiko lenye wageni ishirini na wanne liliishi bila samaki, bila nyama, na bila mayai ya wageni. Familia moja iliondoka siku tatu kabla ya muda wake. Kitabu cha wageni kina maneno kuhusu harufu ya stoo ambayo Okullo hakutaka kuyarudia. Hasara hiyo yote ilikuwa imewekwa kwenye jina la mwanamke mmoja, na yeye alikuwa na siku chache tu kabla hoteli zile tatu hazijaiamini barua ile.

Dereva wa lori ni Tamim, Mnubi pia, na humwita Hasifa shangazi ingawa undugu wao ni wa mbali. Alirudi Kampala Jumamosi tarehe 2 Septemba akiwa na mayai sita ndani ya kopo la maziwa ya unga lililojazwa pumba. Alipoyakabidhi alionekana ana neno. Hasifa alimwambia alitoe.

Tamim alisema kwamba ile Jumanne ya tarehe 8 Agosti, alipokwenda kupakia kwenye ghala la kampuni huko Nsambya, nyuma ya nyumba za reli, alikuta beseni mbili kubwa sakafuni na maji ya sabuni bado yamo. Trei za karatasi za Hasifa zilikuwa zimetupwa pembeni, zimelowa na kunyauka, na mayai yamehamishiwa kwenye trei za plastiki. Trei sita tu zilibaki za karatasi. Vibarua walimwambia kwamba siku iliyotangulia, baada ya Hasifa kuondoka, afisa mpya aliwaoshesha mayai ya wageni yote, wakayasugua kwa sponji.

"Na wewe ulinyamaza," Hasifa alimwambia.

"Shangazi, mimi ni dereva. Mayai yalikuwa yanang'aa. Nilijua vipi kama kung'aa ni ugonjwa?"

Hasifa hakumgombeza zaidi. Kwa mtu yeyote asiyeishi na chakula kisicho na friji, yai safi ni bora kuliko yai chafu. Kosa lenyewe lina mantiki yake, na ndiyo maana ni la hatari. Orodha ya ukaguzi aliyoileta Docus ilitungwa kwa ajili ya hoteli kubwa ya mjini, yenye chumba cha baridi na jenereta inayojiwasha umeme ukikatika. Mstari wa kumi na saba unasema mayai ya wageni yaoshwe kwa maji yenye sabuni na dawa, kisha yahifadhiwe kwenye baridi. Mahali panapokuwa na baridi mchana na usiku, inawezekana yakakaa. Kwenye friji inayozimwa saa kumi na moja jioni, yai lililooshwa hutoka jasho kila usiku hewa ya joto inapoingia, na jasho hilo hupita kwenye ganda lisilo na utando. Kesho yake linapozwa tena. Usiku linatoka jasho tena. Siku kumi na mbili za namna hiyo zinatosha.

Hakuna aliyemtuma Docus kwenda kulala usiku mmoja huko ambako orodha yake ingetumika. Hajawahi kufika mpaka leo. Alipewa karatasi, akapewa mamlaka ya kuiamini kuliko watu, na alipokosea, karatasi haikuandikiwa barua ya onyo.

Jumatatu tarehe 4 Septemba Hasifa alirudi Bugolobi. Alivaa gomesi, vazi lake la heshima, akabeba kikapu. Aliomba kumwona meneja, na aliposhauriwa aache ujumbe alikaa kwenye benchi mpaka meneja alipotoka kwenda kula. Meneja ni mtu mpole wa maneno. Alimkaribisha, akamwita Docus, akasema anatumaini jambo litaisha kwa amani.

Hasifa aliweka juu ya meza beseni dogo, chupa ya maji, kipande cha sabuni, sponji na sahani nyeupe. Karani wa siku ile alikuja kusimama mlangoni tena. Hasifa alitoa yai ambalo Marie-Louise alikuwa ameliokota siku iliyotangulia, K3, akampa meneja alisome. Kisha akamwomba Docus alioshe kama alivyowaagiza vibarua. Docus alisema hayo ni maigizo. Meneja alilichukua yai akaliosha mwenyewe, kwa bidii ya mtu ambaye hajaosha chombo siku nyingi. Alipolitoa kwenye maji K haikuwepo, wala 3.

Halafu Hasifa alitoa kopo la Tamim. Alichagua yai moja kwenye pumba, lenye uchafu uliokauka, akaliweka chini ya macho ya meneja. Lilikuwa na K6. Lilikuwa limetagwa siku ishirini na tisa kabla, limepanda lori moja na yale yaliyooza, limekaa stoo moja, mpaka mlango wa friji ulipoyatenganisha. Alilipasua kwenye sahani. Kiini kilikuwa kimelala, kimepoteza urefu wake, na ute umekuwa mwepesi kama maji, jinsi yai la mwezi linavyokuwa. Lakini kiini kilikuwa kizima, cha njano, na chumba hakikunuka chochote ila sabuni.

Alipasua la pili. Lilikuwa hivyo hivyo.

Meneja alimuuliza Docus kama mayai yalioshwa. Docus alifungua kishikwambi chake. Mstari wa kumi na saba ulikuwa na alama ya vyema, tarehe 7 Agosti, saa tisa alasiri, na jina lake. Alisema alifuata utaratibu.

"Na ya wafanyakazi, mwanangu?" Hasifa aliuliza. "Mbona yale hamkuyaosha?"

"Orodha inahusu chakula cha wageni."

"Kwa hiyo ya wafanyakazi hayakustahili usafi."

Sentensi ile ya Docus, orodha inahusu chakula cha wageni, ndiyo maelezo kamili ya kilichotokea, na haiwezi kufupishwa zaidi. Watu thelathini na mmoja walikula vizuri wiki tatu kwa sababu kampuni haikuwajali kiasi cha kuwaharibia chakula. Kama ingewajali, kusingebaki yai hata moja lenye K, na Hasifa angekuwa mwongo mpaka leo.

Meneja alisema kumbe ilikuwa ni kutoelewana. Alisema hivi vitu hutokea. Alisema mwezi huu wageni ni wengi, lori linaondoka kesho bila mayai, na lile la Jumanne ijayo ni la ziada, la kufidia siku zilizopotea mtoni. Angefurahi kama Mama Hasifa angelipakia kama zamani, bila penseli na bila maneno.

"Sipakii," Hasifa alisema.

Meneja alimuuliza anataka nini.

"Barua. Mliandika kwamba mimi ni mwizi wa mayai. Andikeni kwamba siyo."

"Mama, ile ni karatasi ya ndani tu."

"Ilitoka nje. Imeandikwa chini, hoteli tatu. Nimesoma, bwana. Mimi nasoma."

Meneja alieleza kwamba barua ya namna hiyo lazima ipite kwa mwanasheria. Hasifa alisema ile ya kwanza haikupita kwa mtu yeyote, ilichukua siku moja. Aliipiga sahani na ganda picha kwa simu yake, akakusanya beseni lake, akamwachia meneja sahani yenye mayai mawili. Mlangoni alimuuliza karani mbona leo hajacheka, anaumwa?

Alitoa neno moja la mwisho kabla hajashuka ngazi, na lilikuwa kuhusu Okullo. Alisema onyo lake nalo liondolewe, kwa sababu alipewa amri ya friji kwenye karatasi na akaitii. Meneja alisema ataliangalia.

Siku nne zilipita. Katika siku hizo, kwa maelezo ya Katembo, ofisi ilimpigia yeye simu moja kwa moja, ikamwomba trei arobaini bila kumpitia Hasifa. Katembo aliuliza kama wataziosha. Waliposema hawajaamua, aliwajibu kwamba kuku wake wamechoka, hawatagi wiki hii. Kuku mia nane.

Ijumaa tarehe 8 Septemba barua ilikuja, kwa mkono wa tarishi wa boda, mpaka nyumbani. Ina mistari miwili. Inasema kwamba baada ya mapitio ya ziada kampuni imefuta barua yake ya tarehe 28 Agosti, na kwamba msambazaji anaweza kuendelea na huduma. Haina neno samahani. Haisemi mayai yalioshwa, wala nani aliyaosha. Na chini, pale ambapo barua ya kwanza ilikuwa na orodha ya hoteli tatu, pako wazi.

Hasifa alipiga simu kuuliza kama nakala zimepelekwa. Alijibiwa kwamba hilo halikuwa kwenye maagizo. Tuhuma ilikwenda kwa watu wanne. Ukweli ulipelekwa kwa mmoja, yule ambaye alikuwa anaujua tayari.

Onyo la Okullo bado limo kwenye faili. Docus bado ni afisa wa ubora. Orodha yake imepata toleo jipya, ambamo mstari wa kumi na saba umebadilishwa kuwa mayai yasioshwe, yapanguswe kwa kitambaa kikavu, na yahifadhiwe nje ya friji isiyo na umeme wa kudumu. Chini ya ukurasa imeandikwa kwamba mabadiliko yamefanywa kwa ushauri wa mtaalamu kutoka nje. Jina la mtaalamu huyo halikuandikwa. Hasifa aliposomewa mstari huo na Tamim kwa simu alisema tu kwamba mama yake alizaliwa Bombo, hakuwahi kufika nje.

Jumamosi alikwenda dukani Kikuubo kwa mtu wanayefahamiana naye, akatoa nakala tatu za barua ya mistari miwili na nakala tatu za picha aliyoipiga kwa simu: sahani nyeupe, mayai mawili ya siku ishirini na tisa, na ganda lenye K6. Ameziweka kwenye bahasha tatu. Jumatatu tarehe 11, kuanzia saa tatu asubuhi, atazipeleka mwenyewe kwenye ofisi za zile hoteli tatu, na kila mahali ataomba daftari la kupokelea litiwe saini. Mchana huo Katembo ataleta trei arobaini Nsambya, na Hasifa atabaki ghalani nazo mpaka jioni, vibarua watakapofunga mlango. Jumanne alfajiri lori linaondoka.